Bosi Jofrey na Ng'ombe wa Pili

Jofrey alipoingia Tunduma mwaka tisini na nne hakuwa na kitu ila mabega. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo. Alitoka kwao Hasamba, kwenye kahawa ya baba yake, ambayo aliikimbia akidai kuchuma kunamuuma mgongo. Akaja hapa kubeba magunia ya wafanyabiashara na kuyavusha mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kazi inayouma mgongo kuliko kahawa ya wilaya nzima. Kwa hiyo nisidanganywe na mtu kwamba Jofrey aliharibiwa na vyeo. Alikuja hivyo hivyo kutoka kwao.

Mimi naitwa Atuganile, mzaliwa wa Itumba, ila hapa mtaani wananijua kwa jina la Mama Nesta. Kibanda changu cha chai na supu kinatazamana na banda la kuchinjia ng'ombe, na tangu nikiweke pale sijaona haja ya kwenda kutafuta vituko mbali. Vyote vinapita mbele yangu, vinakunywa chai, na vingine vinaomba kuongezewa sukari.

Baada ya magunia, Jofrey akawa dalali wa ng'ombe. Siku za mnada anateremka Msangano kwa Wasukuma, anampiga ng'ombe wa mtu kofi la mgongoni, anapiga kelele, jioni anarudi kifua mbele. Akaanza kununua wake mwenyewe. Akakodi banda la kuchinjia, akafungua bucha karibu na stendi na kumweka mkewe Priska kwenye kukata nyama. Hayo nampa, alijituma. Lakini simu za mkononi zilipofika Tunduma akanunua mbili, moja ya huku na moja ya Zambia, akawa anatembea amezishika huku na huku kama mtu aliyekamata kuku wawili. Tangu hapo hatukumwita Jofrey tena. Ilibidi awe Bosi.

Sasa ugonjwa wa Bosi ulikuwa huu: hataji kitu kwa jina. Sijui aliutoa wapi. Nadhani siku za kubeba magunia aliwaona matajiri wakinyoosha kidole tu na kusema "lete lile," akahisi huo ndio utajiri wenyewe. Kwa fikra zake, kutaja jina la kitu ni kazi ya mtu anayetumwa. Mwenye kutuma anasema kile, huyo, wa pili, wa mwisho, basi, wengine watajua wenyewe. Akishakipanga kitu kichwani mwake mara moja, kimepangwa. Kwamba chapati huliwa na ng'ombe huondolewa kwenye mstari, hilo halikumhusu.

Kwangu nilimkomesha mapema. Asubuhi moja aliuliza kuna nini, nikamwambia kuna chapati, maandazi na vitumbua. Simu ikalia. Akaongea na mtu wa Nakonde, salamu za Kibemba tupu, mulishani nyingi, bwino nyingi, na huku nyuma dereva mmoja akamalizia vitumbua vyote. Bosi akageuka akasema nimpe viwili vya mwisho. Vya mwisho wakati huo vilikuwa maandazi, nikamwekea maandazi. Akanifokea mbele ya wateja kwamba yeye amesema vitumbua, wakati neno kitumbua halikutoka kinywani mwake hata mara moja. Nikaondoa sahani, nikamwambia kuanzia leo kwangu utataja, chapati au andazi, na usipotaja utakunywa chai kavu. Alikunywa chai kavu siku tatu kwa kiburi, ya nne akataja.

Priska naye alikuwa na dawa yake. Bosi akipiga simu bucha na kusema mpe mteja fulani lile la mwisho, Priska anamuuliza, la mwisho unamaanisha paja, maana paja limeshauzwa na sasa hivi linaloning'inia mwisho ni mbavu, je, nimpe mbavu? Bosi anapaza sauti. Priska anatulia na simu sikioni, kisu mkononi, mpaka Bosi aseme mbavu au aseme paja. Mwenyewe alinambia kwamba kwa kufanya hivyo ameitwa mbishi, ameitwa mjuaji, mpaka ameitwa mwalimu. Lakini hakuna nyama iliyowahi kwenda kwa mtu asiye wake.

Tatizo ni kwamba si kila mtu anaweza kumsimamisha Bosi. Mke anaweza. Mwenye chai anaweza, kwa kuwa chai ni yake. Anayelipwa na Bosi mwisho wa juma anafikiria mara mbili.

Mwaka elfu mbili na saba, mvua zikiwa zimeisha, alikuja mama mmoja kutoka Msangano anaitwa Conjesta. Mwembamba, mpole wa sauti, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa ameolewa na mfugaji huko bondeni, mume akafariki, na ndugu wa mume wakakaa vikao msimu mzima wakijadili mjane apewe nini katika zizi ambalo yeye mwenyewe alilinywesha maji kwa miaka yote ya ndoa yake. Mwisho wakampa mtamba mmoja. Mmoja. Wanaume wazima walikaa vikao wakala nyama ya kikao, wakatoka na mtamba mmoja, halafu wakataka washukuriwe.

Ila mtamba mwenyewe alikuwa mzuri. Wa kijivu, paji la uso jeupe, mtulivu kama Conjesta mwenyewe, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Conjesta alikuwa anampeleka Hasamba kwa kaka yake Kasiani, ambaye alikuwa amempa kipande cha kulima na mahali pa kujenga banda. Watoto wake watatu walikuwa wametangulia huko. Hesabu yake alinipa tukiwa tunamenya viazi, na ilikuwa fupi: ndama akizaliwa, watoto watakunywa maziwa na mengine yatauzwa kwa majirani, na hatamwomba kaka yake chumvi. Bila mtamba, ni mdogo mtu anayekula kwa wifi. Kila mwanamke anajua hiyo maana yake nini.

Alifika jioni. Lori la kumbeba na mnyama wake lilikuwa liondoke kesho yake saa tatu asubuhi. Bosi Jofrey, nisimnyime haki yake, alipomwona kasimama barabarani na kamba mkononi alimwita mwenyewe. Akamwambia mfunge pale kwetu, mama, pale mwishoni, pana mlinzi. Conjesta akamshukuru mpaka akapiga goti. Mimi nikamchukua akalale kwangu.

Pale bandani kulikuwa na boriti ndefu ya kufungia. Jioni ile zilikuwepo kamba tatu. Wa kwanza, upande wa geti, dume mweusi. Wa pili, dume mwekundu. Wa tatu, mtamba wa Conjesta. Bwana mifugo alikuja kukagua wakiwa hai, kama inavyotakiwa, akawatazama macho na midomo, akawatembeza kidogo. Akampitisha dume mwekundu kuchinjwa asubuhi. Mweusi alikuwa ameuzwa mzima mzima kwa ajili ya harusi Vwawa, akaandikiwa kibali cha kusafiri. Alipofika kwa mtamba akampapasa tumbo, akamwambia Bosi kwamba huyu ana mimba na hata angekuwa wako haruhusiwi kuchinjwa, sembuse ni mgeni. Bosi akajibu ameelewa, huku anabonyeza simu. Karatasi zote akazitia mfukoni mwake.

Yaliyofuata asubuhi sikuyaona. Niliambiwa na Masumbuko, mchinjaji, na Masumbuko si mtu wa kutia chumvi. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, ametoka Tabora siku nyingi, kisu chake anakinoa mwenyewe na hamruhusu mtu kukishika. Jioni ya ukaguzi hakuwepo. Yeye huja alfajiri, anapokea ufunguo kwa mlinzi, mlinzi anakwenda zake kulala.

Kabla hajafika, wenye harusi walikuja na pikapu. Walikuwa waje saa nne, lakini harusi ina watu wake wa haraka, wakaja bado giza halijaisha vizuri. Dereva akampigia Bosi kwenye simu moja, Bosi akiwa kitandani akamwambia mlinzi afungue, dume mweusi akapakiwa, akaenda. Dereva akapiga tena kusema tumeshapakia. Bosi akasema sawa. Hilo mlisikie vizuri: aliambiwa, na akasema sawa.

Masumbuko akafika, akapewa ufunguo. Kwenye boriti akakuta kamba mbili. Ya kwanza dume mwekundu, ya pili mtamba wa kijivu. Simu yake ikalia, Bosi yuleyule, safari hii kwa ile simu nyingine. Akamwambia hivi: wa kwanza ni wa harusi, usimguse, wa pili mchinje, bucha lina watu.

Jamani, wekeni akilini mtu aliyesimama pale. Ameambiwa wawili, anaona wawili. Wa kwanza wa harusi, dume mkubwa mwekundu, anafaa kabisa harusi. Wa pili wa kuchinja. Kama Bosi angesema mweusi na mwekundu, Masumbuko angeuliza palepale mweusi yuko wapi, na mambo yangeishia hapo. Lakini Bosi alituma namba, na namba zilikaa sawasawa kwenye ng'ombe wasio wake. Kichwani mwa Bosi mstari ulikuwa bado ule wa jana jioni, na dume mweusi ambaye yeye mwenyewe alimruhusu aondoke alikuwa bado amesimama hapo anatafuna.

Masumbuko hata hivyo alisita. Kuchinja jike si ajabu, majike wazee huchinjwa kila wiki, lakini huyu alikuwa mbichi. Akampigia Bosi. Akaanza kusema, "Bosi, huyu wa pili naona ni—"

Bosi akamkata. "Masumbuko, wa pili ni wa pili. Unashindwa kuhesabu mpaka mbili?" Na akazima.

Masumbuko akairudisha simu mfukoni. Ana watoto saba, na Bosi alikuwa ameshamtishia mara mbili kumleta mchinjaji mwingine kutoka Mbeya. Akawaita vijana wa kamba, wakamlaza mtamba, akamwelekeza kibla, akasoma bismillahi.

Mimi na Conjesta tulitoka nyumbani kumekucha. Alikuwa amejitwika ndoo ya pumba aliyoninunulia— nimekosea, aliyomnunulia mtamba wake, maana alisema safari ya lori humtia mnyama njaa. Tulikuwa tunacheka njiani, sikumbuki tulikuwa tunacheka nini. Tulipovuka barabara nikaona ngozi imetandazwa sakafuni, ya kijivu, na kipande cheupe upande wa kichwa. Mimi nilielewa kabla yake. Nilitaka kumshika mkono nimgeuze, lakini mtu aliyetembea na mnyama wake kutoka Msangano humgeuzi.

Hakupiga yowe. Alitua ndoo chini taratibu pumba zisimwagike, akaiendea boriti, akashika ile kamba yake aliyoisuka kwa mkono, iliyokuwa inaning'inia tupu. Akamuuliza Masumbuko, "Baba, wangu yuko wapi?"

Masumbuko alimtazama dume mwekundu, akaitazama ngozi, akakiweka kisu chini. Wakati huohuo bwana mifugo akaingia kukagua nyama. Hakuuliza mengi. Alipoona dume mwekundu amesimama na kilichoning'inia ni kingine, akaenda moja kwa moja kwenye matumbo, akapasua mfuko wa uzazi. Ndama alikuwemo, bado hana manyoya, kwato zake laini kama kucha za mtoto. Bwana mifugo akamfunika kwa gunia. Conjesta alikuwa ameshaona.

Nina miaka mingi ya kuuza supu mbele ya banda lile na nilidhani damu hainitishi tena. Siku ile nilikwenda nyuma ya kibanda changu nikalia, halafu nikalia tena kwa hasira, na hasira yote ilikuwa na jina la mtu mmoja.

Bosi akafika na simu zake. Alianza kwa kumgeukia Masumbuko: yeye alisema wa pili. Masumbuko akajibu kwa adabu kwamba na yeye alichinja wa pili. Wakarudia hivyo mara kadhaa, wa pili, wa pili, na ubaya ni kwamba wote walikuwa wanasema kweli. Kila mmoja alikuwa na mstari wake. Ila mmoja alisimama mbele ya wanyama na akataka kuuliza, na mwingine alikuwa chini ya blanketi na hakutaka kuulizwa. Bwana mifugo ndiye aliyeuliza swali la maana: dume mweusi kaondoka saa ngapi, na nani alijua? Bosi akatazama simu ya mkono wa kushoto. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mkono wa kulia ulipata habari.

Halafu, msicheke, akamwambia Conjesta achukue nyama. Nyama ya mtamba wake mwenyewe. Alisema ni nyingi, nzuri, laini, atamwekea kwenye mfuko. Priska, aliyekuwa amekuja kuuliza mbona bucha halina kitu, alimshika mumewe mkono kwa nguvu mpaka akanyamaza. Bosi akatoa pochi. Conjesta akatikisa kichwa.

"Hela itaisha," akasema. "Nilikuja na ng'ombe. Nitaondoka na ng'ombe."

Mwenyekiti wa mtaa akaitwa, bwana mifugo akasema yake, na Bosi akaona wazi kwamba akibisha, kibali cha banda kitabishiwa pia. Akakubali kwa shingo upande: lori lake lilikuwa linatoka mnadani mchana, Conjesta atapewa mtamba mwingine mwenye mimba. Lori la Hasamba likaondoka bila yeye. Alikaa kibandani kwangu na ile kamba mapajani, sikuweza kumfanya anywe hata chai.

Mchana ng'ombe wanne wakashushwa na kufungwa kwenye boriti. Bwana mifugo akavaa mpira mrefu mkononi, akawapima majike mmoja mmoja, na kwenye nafasi ya pili akakuta mtamba wa kahawia, mkia una ncha nyeupe, sikio la kushoto limekatwa alama. Akasema huyu ana mimba ya miezi kama minne, ana afya, na anafaa. Akanawa akaenda zake. Bosi akawaambia vijana wa kamba, "Basi, mpeni wa pili," akatoka nje ya geti na simu sikioni.

Nilimsikia kwa masikio yangu. Asubuhi ameua mnyama wa mjane kwa neno hilo, na damu bado haijaoshwa vizuri sakafuni, na mchana analitumia tena lilelile, kama mtu aliyeungua na ufuniko wa sufuria akaushika tena kwa mkono uleule.

Ng'ombe waliotoka safari ni lazima wanywe. Vijana wakawafungua wote, wakawapeleka kwenye birika la maji, na kila anayejua ng'ombe wenye kiu anajua hawarudi kama walivyokwenda. Wakafungwa tena wanavyokuja. Kijana mmoja akahesabu moja, mbili, akamfungua wa pili, akamvuta kwa Conjesta. Alikuwa jike mzee, mbavu zinahesabika, meno yamelika mpaka kwenye fizi.

Conjesta hakuishika kamba. Akasema siye. Kijana akasema Bosi kaagiza wa pili. Akasema tena siye, na kwamba amwite Bosi aje. Kijana akapiga kelele getini. Bosi akapungia mkono bila kugeuka, akajibu kwa sauti kwamba mpeni wa pili mama wa watu aende, mambo yasiwe mengi.

Hapo Conjesta akatembea mpaka getini. Sijui mwanamke yule aliyepiga goti jana alikuwa ameuweka wapi upole wake. Akamshika Bosi shati, kwenye kiwiko, akamvuta kama anavyovutwa mtoto aliyekataa kuoga, na Bosi akafuata, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umetoka kuangalia, na Priska alikuwa amesimama mlangoni kwangu amekunja mikono. Akamfikisha kwenye boriti. Pale penye kinyesi, na viatu vyake vya kung'aa.

"Nipe ng'ombe wangu," akamwambia. "Weka mkono."

Bosi akamtazama yule jike mzee, na nikaona uso wake unabadilika. Alielewa. Akatazama huku, akatazama kule, akamwona wa kahawia upande wa mwisho kabisa. "Huyo," akasema.

"Huyo yupi?"

"Huyo wa mwisho."

"Sijui wa mwisho. Weka mkono, sema alivyo."

Simu ya Zambia ikaanza kulia. Conjesta hakumwachia kiwiko. Ikalia mpaka ikachoka. Bosi akavuka kinyesi, akaweka kiganja kwenye mgongo wa mnyama. "Mtamba wa kahawia," akasema kwa sauti ya chini. Masumbuko akamwomba aseme wasikie wote. "Mtamba wa kahawia, mkia mweupe kwenye ncha, sikio la kushoto lina alama. Ana mimba. Nimempa Mama Conjesta." Ilimtoka kwa shida kama mtu anayesoma lugha ya watu. Mwenyekiti wa mtaa akarudia vilevile, kahawia, mkia, sikio, akamuuliza ndiye? Akajibu ndiye.

Tulidhani imekwisha. Conjesta akamvisha mtamba wa kahawia kamba yake, ile aliyoisuka mwenyewe, akaikaza polepole. Halafu akamgeukia Bosi, si kwa ukali, kwa sauti ileile ya kumenya viazi.

"Na yule wangu alikuwaje?"

Bosi akafungua kinywa. Ngozi ilikuwa imeshaondolewa na mnunuzi wa ngozi, hakukuwa na cha kuchungulia. Alikuwa amemwita mnyama yule aingie getini mwake kwa mdomo wake mwenyewe, akasimama naye jioni nzima, akaonyeshwa tumbo lake, na asubuhi akaagiza auawe. Akatazama boriti, mahali pa wa tatu, kana kwamba pameandikwa. Conjesta alimsubiri kwa heshima, kama anavyosubiriwa mgonjwa kujibu. Kisha akaokota ndoo yake ya pumba, akamvuta mtamba, wakatoka.

Bosi Jofrey bado tunaye, na simu sasa ni tatu. Jioni ya siku ileile alikuja kibandani watu wakiwa wameondoka, akaagiza chai na chapati mbili, akazitaja. Alipomaliza kunywa akaniuliza, huku anaangalia chini ya kikombe, yule mtamba alikuwa wa rangi gani. Nikachukua kikombe nikakiosha. Mpaka leo sijamwambia.